Nimetolewa kwenye bodi, hisa bado zinanifunga

Ndugu mshauri wa sheria,

Tulianzisha kampuni tukiwa watatu, tukitengeneza programu za kusimamia maghala. Baadaye akaja mwekezaji, nami nikabaki na asilimia 9 ya hisa na kiti kwenye bodi. Usiku wa kusaini nilitia herufi za jina langu chini ya kila ukurasa. Nakiri kwamba kurasa za mwisho sikuzisoma. Macho yalikuwa mazito na wenzangu walikuwa wananisubiri nimalize waondoke.

Miezi miwili iliyopita wamepiga kura wakaniondoa kwenye bodi, na ajira yangu ikakatishwa siku hiyohiyo bila kulipwa notisi ya miezi mitatu. Mkataba wa ajira unanikataza kushindana nao kwa miezi 6. Huo sina ugomvi nao. Kinachoninyima usingizi ni mkataba wa wanahisa, unaosema nisishindane na kampuni muda wote nikiwa mwanahisa, na miezi 12 baada ya kuacha kuwa mwanahisa. Hisa zenyewe siwezi kuziuza bila ridhaa ya bodi. Nimeiandikia mara mbili, haijakubali wala haijakataa. Kwa hiyo ile miezi 12 haijaanza hata kuhesabiwa, na wenye uwezo wa kuianzisha ni walewale walionitoa.

Nimejaribu kusoma kidogo. Naelewa kwamba katika nchi zinazofuata mkondo wa sheria ya Kiingereza, katazo la kufanya biashara huhesabiwa batili mpaka anayelidai aonyeshe kwamba analinda maslahi halali, kama wateja au siri za biashara, na kwamba halizidi kile kinachohitajika kuyalinda. Naelewa pia kwamba mwanahisa haonewi huruma kama mfanyakazi wa kawaida, kwa sababu huchukuliwa kwamba alijadiliana akiwa na nguvu na kwamba naye ananufaika thamani ya kampuni ikilindwa. Nilivunjika moyo niliposoma shauri la Guest Services dhidi ya Shelmerdine la mwaka 2020, ambamo Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilikubali katazo la miezi 12 lililohesabiwa tangu mtu aache kuwa mwanahisa.

Rafiki yangu mwanasheria ananiambia nisikate tamaa. Anasema uhalali wa katazo hupimwa kwa hali ya siku ya kusaini, si kwa yaliyotokea baadaye. Basi nisiende mahakamani kulalamika tu kwamba bodi inanichelewesha. Nionyeshe kwamba tangu siku ile maneno ya mkataba yaliruhusu mwanahisa mdogo, asiye na kazi wala kiti, afungwe bila kikomo. Hoja hiyo ina uzito gani kwangu, mtu niliyekuwa mkurugenzi na niliyesaini kwa hiari yangu?

Kifungu hicho kina tundu jingine. Kinanizuia hata kuwa na “maslahi yoyote” katika biashara inayoshindana, maana yake nikinunua hisa chache tu za mshindani kwenye soko la hisa nimevunja mkataba. Nilidhani hilo peke yake linaangusha kifungu kizima. Kumbe katika shauri la Tillman la mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilifuta maneno yaliyozidi ikaacha katazo lililobaki lifanye kazi, kwa kuwa yaliondoka bila kuongeza neno jipya na bila kugeuza kwa kiasi kikubwa athari ya makatazo yote kwa jumla. Kwangu hiyo ni habari mbaya: kumbe aliyeandika kwa pupa anaweza kusahihishiwa kazi yake na jaji.

Halafu kuna ile notisi. Nimesikia kuhusu kanuni ya General Billposting ya mwaka 1909, kwamba mwajiri akimfukuza mtu kinyume cha mkataba, makatazo ya mkataba huo wa ajira hayamfungi tena mfanyakazi. Je, kuvunjwa kwa mkataba wangu wa ajira kunagusa pia mkataba wa wanahisa, ambao ni karatasi nyingine na una watu wengine ndani yake, akiwemo mwekezaji?

Nauliza sasa kwa sababu wiki iliyopita mteja mmoja alinipigia simu. Anataka nimjengee mfumo. Tatizo ni kwamba kampuni ilianza kuzungumza naye nikiwa bado mkurugenzi, na mimi ndiye niliyeandaa makadirio ya kazi yake. Naogopa kwamba hata vifungu vyote vikianguka, nitashtakiwa kwa kuchukua fursa ya kampuni, na kwamba wataomba zuio la muda kabla sijafungua hata faili la kwanza.

Je, nimwambie mteja asubiri? Na hisa, nijitolee kuirudishia kampuni kwa bei ya hasara ili miezi 12 ianze kuhesabiwa, au nikifanya hivyo nitakuwa nimekiri kwamba kifungu kinanibana?

Mwanahisa wa asilimia 9