Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Milimita za Ihelele na Mita ya Jinja

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita uliiagiza kamati isitawanye nguvu. Mliagiza tuchukue swali moja na kulichimba hadi lijibike: mkataba unapozitaka nchi zitumie maji ya pamoja kwa haki na kwa kiasi, na zisisababishe madhara makubwa kwa wenzao, hayo madhara "makubwa" yanaanzia wapi? Agizo hilo lilikuja wakati mwafaka. Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Nile, ambao Tanzania iliusaini Entebbe tarehe 14 Mei 2010 na kuuridhia mwaka 2015, umeanza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024 baada ya nchi sita kuuridhia. Kwetu wa Dar es Salaam una historia ya karibu, maana Mpango wa Bonde la Nile, ushirikiano wa nchi za bonde uliotangulia mkataba huo, ulizinduliwa hapa hapa jijini tarehe 22 Februari 1999.

Nianze na jambo ambalo halikwenda vizuri. Katika kikao cha kwanza cha mafunzo, mwanachama mmoja alisema kwamba kwa kuwa karibu nusu ya Ziwa Victoria iko Tanzania, nusu ya maji ni yetu na hatuna haja ya kumuuliza mtu. Wengi walipiga makofi. Nami nilinyamaza, na nakiri ilikuwa kosa, kwa sababu hoja ile imekataliwa na sheria ya mito ya kimataifa kwa muda mrefu. Ukubwa wa eneo ni kigezo kimoja tu. Ibara ya 4 ya mkataba inataka vipimwe pamoja nacho idadi ya watu wanaoyategemea maji, matumizi yaliyopo na yanayotarajiwa, kama kuna chanzo kingine, na hata mchango wa kila nchi katika maji ya mto. Kigezo hicho cha mchango kina uzito kwetu, kwani hakimo katika orodha ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1997 kuhusu mito ya kimataifa, ule ambao Tanzania haikuupigia kura ya ndiyo wala ya hapana.

Ili tusibaki kwenye makofi, vikao vilivyofuata tulivitumia kupiga hesabu ya mradi mmoja tunaoujua sote: bomba la maji kutoka Ziwa Victoria kwenda Kahama na Shinyanga.

Kwanza historia yake, kwa ufupi. Barua walizobadilishana Uingereza na Misri tarehe 7 Mei 1929 zilizuia ujenzi wa kazi za umwagiliaji au umeme kwenye Nile na maziwa yake, katika nchi zilizokuwa chini ya Uingereza, ambazo zingepunguza maji yanayofika Misri, isipokuwa Misri ikubali. Tarehe 4 Julai 1962 serikali ya Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba barua zile haziifungi Tanganyika. Msimamo huo haukusema tutayatumia maji tupendavyo. Ulisema mkataba wa mkoloni hauwezi kuwa kibali chetu, na ukaacha mlango wazi kwa mazungumzo mapya. Kwa hiyo ujenzi wa bomba ulipoanza katika miaka ya 2000 haukusubiri ridhaa ya Cairo, na kelele zikawa kubwa.

Sasa hesabu. Mtambo wa Ihelele, wilayani Misungwi, ulisanifiwa kutoa mita za ujazo 80,000 kwa siku. Siku ina sekunde 86,400. Ukigawanya, unapata chini kidogo ya mita moja ya ujazo kwa sekunde. Maji yanayotoka ziwani pale Jinja, Uganda, kuingia Nile hupimwa kwa mamia ya mita za ujazo kwa sekunde, na katika miaka ya mvua nyingi hupita elfu moja. Tuliipiga pia kwa njia ya pili. Kwa mwaka mzima mtambo unavuta mita za ujazo milioni 29 na kitu. Zitandaze juu ya ziwa lenye kilomita za mraba 68,800, utapata kina cha milimita 0.42. Hapo tumechukulia kwamba hakuna hata tone linalorudi ziwani na kwamba mtambo haupumziki siku hata moja. Na maji yanayotoka Jinja bado yana safari ndefu kupitia vinamasi vya Sudan Kusini, ambako sehemu kubwa hupotea kwa mvuke kabla ya kufika mbali.

Upande wa pili wa mizani wako watu wa Shinyanga, nchi kavu, wenye visima ambavyo vingine hukauka na vingine hutoa maji ya chumvi. Mahitaji ya msingi ya binadamu hupewa uzito wa pekee matumizi yanapogongana. Kwa kigezo cha haki mradi unasimama, na kwa kigezo cha madhara pia unasimama. Hilo ndilo jibu letu, nasi tumelifikia kwa kugawanya na kuzidisha.

Lakini mhandisi mmoja mstaafu alituzuia tusishangilie mapema, na namshukuru. Alisema haba na haba hujaza kibaba. Bomba moja ni milimita 0.42, yakiwa kumi, na skimu za umwagiliaji juu yake, hesabu ni nyingine. Tena kilimo hula maji kwa kiasi ambacho mabomba ya mjini hayakifikii. Anayepima kila mradi peke yake atapata jibu "si makubwa" kila mara, hadi siku mto utakapokuwa umepungua na hakuna wa kulaumiwa. Kamati imekubali hoja hiyo. Tangu sasa kila hesabu yetu itakuwa na safu ya jumla ya miradi iliyokwisha kujengwa, si ya mradi husika tu.

Niingie kwenye tukio ambalo, kwa maoni yangu, linafundisha kuliko yote, nalo limetokea kwetu wenyewe kati ya 2003 na 2006. Bwawa la Owen Falls lilipokamilika Jinja mwaka 1954, maporomoko ya Ripon yalifunikwa. Zamani miamba ya maporomoko yale ndiyo iliyokuwa ikiamua ni maji kiasi gani yatoke: ziwa likipanda yanatoka mengi, likishuka yanatoka machache. Uingereza na Misri zilikubaliana kwamba bwawa liuige mwamba. Zilichora mchoro unaoonyesha, kwa kila kina cha ziwa, ni maji kiasi gani yaruhusiwe kupita. Huo ndio mchoro wa makubaliano. Mwendeshaji anasoma kipimo cha kina pale Jinja, anatazama mchoro, anafungua milango kwa kadiri hiyo.

Kisha Uganda ikajenga kituo cha pili cha umeme, Kiira, kando ya kile cha kwanza. Mitambo ikaongezeka, lakini maji yanayoruhusiwa na mchoro yalibaki yale yale. Ukame ulipokuja na mahitaji ya umeme yakapanda, maji yaliachiwa kuliko mchoro ulivyoruhusu. Ziwa likashuka kwa zaidi ya mita moja, hadi kina ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2006 ulikadiria kwamba kadiri ya nusu ya anguko hilo ilitokana na maji yaliyozidishwa Jinja, iliyobaki ukame.

Wanachama waliokuwa Mwanza wakati ule wanakumbuka. Madakio ya maji yalikaribia kuachwa hewani, meli zilishindwa kusogea gatini, na matete ya ufukweni ambako samaki huzalia yalibaki juu ya tope. Linganisheni: kwa milimita 0.42 kwa mwaka, bomba la Ihelele lingehitaji zaidi ya miaka 2,000 kuvuta maji ya kina cha mita moja.

Mafunzo mawili yanatoka hapo. La kwanza, madhara hayatiririki kuelekea chini tu. Tumezoea kudhani nchi ya juu ndiyo inayoumiza na ya chini ndiyo inayoumia. Pale Jinja aliyekaa mlangoni mwa ziwa aliwaumiza walioko nyuma yake. Sisemi Uganda ilifanya kwa ubaya. Ilikuwa na viwanda na nyumba zenye giza, na umeme nao ni hitaji la haki. Lakini wajibu wa kutodhuru ni wajibu wa kuchukua tahadhari, na tahadhari ingeanza kwa kuwaambia majirani kabla ya kuuacha mchoro.

La pili ni namna ya kujua. Bila kipimo cha kina na rekodi ya maji yanayoachiwa, wote tungeulaumu ukame. Kilichowezesha kuutenganisha ukame na milango ya bwawa ni kuwepo kwa mchoro wa kulinganishia. Kwenye mto usio na mstari wa namna hiyo, neno "makubwa" hubaki kuwa ubishi wa sauti.

Hapa ndipo ninapokielewa kifungu cha 14(b), kilichobaki bila muafaka hadi kikawekwa kwenye kiambatisho cha mkataba. Nchi za juu zilikubali maneno ya kutoathiri kwa kiasi kikubwa usalama wa maji wa nchi nyingine. Misri ilitaka yasomeke kutoathiri vibaya usalama wa maji pamoja na matumizi na haki zilizopo sasa. Tofauti ni kubwa. Chini ya maneno ya kwanza, matumizi ya Misri yanapimwa kama kigezo kimoja kizito kati ya vingine. Chini ya maneno ya pili, mita za ujazo bilioni 55.5 ilizogawiwa na makubaliano yake na Sudan ya 1959, ambayo sisi hatukuwamo, zingekuwa haki isiyoguswa, na milimita 0.42 za Ihelele zingeweza kuitwa uvunjaji. Nasimama na maneno ya kwanza. Hata hivyo nawaomba tusiukejeli woga wa Misri. Sisi wa Dar tulipopata mgao wa maji mwishoni mwa 2022, Ruvu ulipopungua, tuliuliza mara moja nani anachepusha maji huko juu. Misri huuliza swali hilo kila siku, na haina mto mwingine.

Kuhusu mambo ya ndani: hesabu za fedha zimekaguliwa, na mweka hazina atazisoma baada yangu. Ada za robo ya mwisho zimechelewa kwa baadhi yetu. Tafadhali zilipwe kabla ya mwezi kwisha. Tafsiri ya Kiswahili ya ibara za 4 na 5 imekamilika, lakini ya kiambatisho bado, kwa sababu kamati imebishana vikao viwili juu ya neno moja, "kwa kiasi kikubwa", nami sitaki tulipitishe kwa kuchoka.

Mwaka ujao kamati inapendekeza Mto Mara. Pale sisi ndio tulio chini: unatoka msitu wa Mau nchini Kenya, unapita Serengeti, unaishia ziwani kwetu. Ziwa lina akiba ya kuficha bomba moja. Mara hauna akiba hiyo, na wakati wa kiangazi hata mita moja ya ujazo kwa sekunde inaonekana kwa macho. Kazi ya kwanza itakuwa kukusanya vipimo vya mtiririko wa miezi ya ukame kutoka pande zote mbili za mpaka, mwezi kwa mwezi, kabla hatujaandika sentensi hata moja ya lawama. Wenye uzoefu wa kusoma vipimo vya mto wajiandikishe kwa katibu leo, kabla hatujatoka ukumbini.