Jamani, klipu ya kufowadiwa wasap isiwe ushahidi

Mhariri,

Naomba nafasi niongelee hizi video za dipfeki, yaani zile za uongo zinazotengenezwa kwa akili bandia, maana zikitajwa watu wanawaza siasa na wasanii tu wakati zimeshafika mpaka mahakamani. Septemba 2025 huko Kaunti ya Alameda, Kalifonia, kulikuwa na kesi ya madai kuhusu mambo ya nyumba, walalamikaji wanajisimamia wenyewe bila wakili, wakaleta video ya mtu wanayesema ni shahidi wao. Jaji Victoria Kolakowski akaitazama akaona haieleweki, sauti imenyooka haipandi haishuki, uso una ukungu na hauna hisia, halafu miondoko ya sura inajirudia vilevile. Maelezo yao hayakumridhisha, akaifuta kesi yote na akazuia wasiifungue tena.

Safi kabisa, ila hapo jaji alisaidiwa na kazi mbovu ya waliotengeneza. Ingekuwa imetulia, je?

Na macho yanadanganya hata upande wa pili. Machi 2021 mwendesha mashtaka wa Kaunti ya Bucks, Pensilvania, alitangaza kwamba mama mmoja katengeneza video feki ya binti wa watu anavuta sigara ya umeme ili kumchafua, habari ikazunguka dunia nzima, mama wa watu akatishiwa maisha. Wataalamu walipoiangalia wakasema mbona inaonekana ya kweli, moshi na mkono vinapita mbele ya uso bila uso kuvurugika, kitu ambacho dipfeki za wakati ule zilikuwa zinashindwa. Madai ya dipfeki yakaachwa. Mwaka 2022 alitiwa hatiani kwa kusumbua watu kwa meseji, lakini mpaka leo wengi wanamjua kama mama wa dipfeki, na hilo nani atalifuta?

Kwa hiyo cha kuuliza ni faili la kwanza liko wapi, lile lililo kwenye simu iliyorekodi. Wasap inaibana video na kuondoa taarifa nyingi za simu na muda, ndiyo maana klipu iliyopita magrupu kumi haimpi mtaalamu kitu cha maana cha kupima. Na hata hizo taarifa zinaweza kuchezewa, lazima aliyerekodi apatikane ajibu maswali. Sheria yetu ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inataka mahakama iangalie ushahidi ulitengenezwaje, ulitunzwaje na ulitumwaje, sasa kwa nini gazeti lijiwekee kipimo cha chini kuliko hicho?

Ninachoomba kwenu, mhariri, kabla hamjaandika "video inaonyesha" mtafuteni aliyerekodi, anayeonekana aulizwe kabla ya kuchapwa na siyo kesho yake watu wameshamtukana, na ikijulikana ilikuwa feki masahihisho yakae ukurasa uleule kwa herufi zilezile, siyo pembeni chini ya matangazo ya viwanja.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam