Nyayo Nyeusi Msikitini: Malalamiko Kuhusu Rangi Yenu Nyeusi ya Ngozi

Langoni, Lamu
6 Oktoba 2025

Kwa Meneja wa Mauzo,

KUH: RANGI NYEUSI YA NGOZI INAYOTOA RANGI

Salamu nyingi. Mimi ni fundi wa makubadhi na mikoba hapa Lamu, na rangi yenu nyeusi nimeitumia miaka kumi na moja bila kubadilisha. Naandika kwa sababu mlibadilisha iliyomo ndani ya kopo na hamkuniambia.

Mwezi wa Julai niliagiza makopo sita ya lita moja moja. Yalikuja kwa basi mpaka Mokowe, yakavuka kwa boti, yakanifikia salama. Kopo lilikuwa lile lile, mfuniko ule ule mwekundu, na picha ya kiatu ilikuwa palepale. Nilipofungua sikusikia harufu ya spiriti. Nikadhani labda pua imeziba na vumbi la ngozi. Baadaye sana, nilipovaa miwani, ndipo nilipoona nyuma ya kopo, kwa herufi ndogo kama mbegu za ufuta, kwamba sasa rangi hii ni ya maji, na chini yake: "haihitaji kumalizia, haitoi rangi".

Nikashona jozi kumi na nne za makubadhi meusi za Maulidi, na mikoba minne. Nikapaka rangi, nikaacha usiku mmoja, nikamalizia kwa brashi, kwa tabaka la akriliki ya maji la kuziba rangi, kama nilivyofanya miaka yote. Yalitoka yaking'aa, na watu wakalipa.

Ijumaa ya kwanza mzee mmoja, mteja wangu tangu enzi za baba yangu, alitawadha, akavaa makubadhi yake na miguu ikiwa bado mbichi, akaenda msikitini. Alipovua mlangoni, vidole vilikuwa vyeusi na ukingo wa kanzu ulikuwa na mistari kama mtu aliyepita jikoni kwa mkaa. Juu ya zulia ziliandikwa nyayo tano, kila moja hafifu kuliko iliyotangulia. Mtunza msikiti alikuja dukani kwangu baada ya swala, hakuketi. Akasema, "Fundi, zile nyayo ni zako." Niliosha zulia mwenyewe kwa sabuni na ndimu. Wiki hiyo watu wengine wanane wakarudisha makubadhi, na bibi mmoja akaleta gauni lake jeupe lililopakwa na ukanda wa mkoba begani.

Nilipowapigia simu, kijana wenu aliniambia labda ngozi yangu ni mbaya. Ngozi hiyo ni ya ng'ombe, iliyoiva kwa magome ya miti, na nainunua kwa mtu mmoja. Hata hivyo sikutaka kubishana mdomoni. Nilikata vipande kutoka ngozi moja, upande wa mgongoni ambako unene ni sawasawa, nikavijaribu. Nilikuwa na robo kopo ya rangi yenu ya zamani iliyobaki chini ya meza, kwa hiyo nilizilinganisha mbili hizo uso kwa uso. Kila kipande nilikisugua mara ishirini kwa kitambaa cheupe kikavu, kisha mara ishirini kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya chumvi na kukamuliwa, maana mguu wa mtu hutoa jasho, na hapa kwetu mtu hushuka botini akakanyaga maji.

Nianze na ile ya zamani, ya spiriti, na nitasema ukweli hata usiponifaa. Nayo hutoa rangi. Ukiipaka na kuiacha, ikikauka inabaki na unga juu, na nyeusi huwa na mng'ao wa kijani au wa shaba ukiigeuza kwenye mwanga. Huo ni rangi iliyozidi, ambayo ngozi haikuinywa. Kipande nilichokiacha hivyo kilichafua hata kitambaa kikavu. Lakini nilipokisugua kwa tambara mpaka tambara likatoka safi, nikangoja siku moja, nikapaka mafuta kidogo kwa kuwa spiriti huikausha ngozi, kisha nikamalizia kwa akriliki, kitambaa kikavu kilikuwa cheupe na cha chumvi kilikuwa na kijivu cha kutafuta. Nilipokata ukingo kwa wembe, weusi ulikuwa umeingia ndani vizuri. Kubadhi likichunika kwenye jiwe, halionyeshi jeraha.

Rangi yenu mpya, bila kumalizia, jinsi kopo linavyoagiza: kikavu, doa dogo. Cha chumvi kikatoka kama kaniki. Sikuhitaji mara ishirini, ilitosha sita. Ukingo ulipokatwa, weusi ulikuwa juujuu, kama ganda la kitunguu, na chini yake ngozi ina rangi yake ya asili.

Sasa kile kilichonipata mimi, yaani rangi mpya na akriliki ya maji kwa brashi. Hapa ndipo kosa lilipo, na ningeomba fundi wenu wa kuchanganya asome sehemu hii. Nilimimina akriliki kwenye kisahani, nyeupe kama tui. Baada ya kupaka vipande vitatu kisahani kilikuwa rangi ya chai kavu. Maji ya akriliki yaliiamsha rangi ya maji iliyo chini, brashi ikaivuta, ikachanganyika na kile ambacho kilitakiwa kuwa ngao. Kwa hiyo juu ya kubadhi halikuwepo tabaka safi linaloziba rangi, ila tabaka lenye rangi ndani yake. Kikavu hutaona kitu. Likilowa na kusuguliwa na kidole cha mguu, linaachia. Rangi ya spiriti haikunifanyia hivyo, kwa sababu maji hayaiyeyushi kirahisi. Ndiyo maana njia yangu ya miaka kumi na moja ilikuwa sahihi mpaka siku mlipobadilisha kopo.

Mtasema basi ningetumia laka ya thina juu ya rangi ya maji, kwa kuwa thina haiwezi kuiamsha. Nilijaribu. Kitambaa cha chumvi kilitoka cheupe kabisa, nikafurahi kama mtoto. Halafu nikaukunja ukanda huo huku na huku kama unavyokunjwa na mguu unaotembea. Laka ikapasuka mistari midogo, nikasugua tena kwa chumvi, na kila ufa ukachora mstari wake mweusi kwenye kitambaa. Kwa kiatu kigumu au ubavu wa mkoba usiokunjwa, labda. Kwa ukanda wa kubadhi, hapana.

Njia iliyonikubalia ilichukua siku nne. Nililowesha ngozi kidogo kwa sponji kwanza ili rangi ya maji iingie bila mabaka, nikapaka mara mbili nyepesi badala ya moja nzito, nikaacha siku mbili. Wakati huu wa kusi hewa ya Lamu imejaa unyevu, usiku mmoja hautoshi, na ngozi ikiguswa na shavu ikawa baridi bado ina maji ndani. Kisha nikafuta kwa tambara bichi lililokamuliwa, tena na tena, tambara la nane ndilo lililotoka safi. Nikaacha ikauke. Nikamalizia kwa akriliki iliyopunguzwa nusu kwa maji, kwa sponji, kwa kugusagusa bila kuvuta, tabaka mbili nyembamba, na siku moja zaidi ya kushikana. Kisahani kilibaki cheupe. Kitambaa cha chumvi kikawa na kivuli tu, karibu sawa na ile ya spiriti.

Hata hapo, upande wa nyama wa ukanda ulikataa. Nyuzi zake zimefumuka na kila unyuzi unashika rangi ambayo tambara halifiki. Gauni la yule bibi halikuchafuliwa na uso wa ukanda, lilichafuliwa na mgongo wake unaolala begani. Sasa mgongo huo siupaki rangi kabisa, au naubandika kitambaa cha ndani. Wazee wetu waliuacha unyayo wa kubadhi na rangi yake ya asili, nami niliona ni uvivu.

Siwaambii muache rangi ya maji. Karakana yangu ina dirisha moja, na siku za kupaka spiriti nilikuwa natoka na kichwa kizito, na jiko la kahawa lazima lizimwe. Rangi yenu mpya ya hudhurungi nyepesi ni nzuri kuliko ya zamani, laini, haikaushi ngozi, na kwa kuwa haina rangi nyingi ndani yake, haichafui sana. Shida ni nyeusi, na nina wasiwasi na nyekundu iliyoiva, kwa sababu hizo hubeba rangi nyingi mno kuliko ngozi inavyoweza kushika.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie fedha za makopo matano ambayo hayajafunguliwa, na nusu ya lile nililotumia. Mnilipe ngozi ya jozi tisa nilizowashonea wateja upya bure, na kanzu moja na gauni moja, risiti zote nimezifunga pamoja na barua hii. Mbandike upande wa mbele wa kopo, kwa herufi zinazoonekana, kwamba hii ni rangi ya maji, na mfute maneno "haihitaji kumalizia". Na mniandikie kipimo chenu. Maabara za ngozi hupima kwa ISO 11640: mashine husugua ngozi kwa kipande cha sufu iliyoshindiliwa, kikavu na kibichi, na doa hupewa alama, 5 ikiwa hakuna doa na 1 ikiwa ni baya kabisa. Kama mlipima kabla ya kuandika "haitoi rangi", basi alama ya kibichi mnayo. Nataka hiyo ya kibichi, ya nyeusi, bila kumalizia. Ya kikavu msinitumie, hata mimi ninayo.

Vitambaa vyangu vyote nimeviweka ndani ya bahasha, kila kimoja kimeandikwa kwa kalamu kilisuguliwa wapi. Kile cheusi chote nimekifunga kwenye karatasi ya nailoni peke yake, kisije kikachafua vingine njiani.

Nangoja jibu kabla ya tarehe 31 Oktoba.

Wenu,
Fundi wa makubadhi na mikoba,
Langoni, Lamu