Ile picha ya tatu

Mwanangu mpendwa,

Picha zako nimezipata. Umeniuliza kuhusu ile rangi ya kahawia nyuma ya meno ya mbele ya chini. Hiyo hainikoseshi usingizi. Imeshika meno yote ya pale, karibu na ufizi, mahali ambapo mate hutokea chini ya ulimi, ndiyo maana ukoga huganda hapo upesi kuliko kwingine. Ukishaganda, mswaki hauutoi tena. Hukwanguliwa na daktari wa meno. Ufizi wa hapo nao ni mwekundu ukingoni na umevimba kidogo, ila umevimba sawasawa kwenye meno yote. Hilo linaweza kungoja wiki mbili tatu. Usiache kupiga mswaki hapo eti kwa sababu panatoka damu.

Kilichonishtua ni ile picha ya tatu, ambayo nadhani uliituma bila kuitazama. Jino moja la mbele la juu lina rangi ya kijivu, wakati jirani zake ni meupe. (Sijui ni la kulia au la kushoto, maana kamera ya mbele mara nyingine hugeuza picha.) Chai haichagui jino moja. Jino likibadilika rangi peke yake, mara nyingi ni kwamba kiini chake kimekufa, pengine kwa kugongwa miaka mingi nyuma. Na juu yake, kwenye ufizi, usawa wa mzizi, naona kijipele chenye ncha ya njano. Nashuku ni tundu la usaha unaotoka kwenye mzizi.

Utaniambia hakiumi. Naamini, kwa sababu usaha ukipata njia ya kutokea, ule mkandamizo unaoleta maumivu hupungua. Ugonjwa unabaki palepale ndani ya mfupa. Je, asubuhi unasikia ladha mbaya mdomoni? Kijipele hicho hupotea kisha kinarudi? Picha haiwezi kunijibu hayo, wala haionyeshi kama jino linacheza.

Piga nyingine leo mchana karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, maana huo hufanya ufizi uonekane mweupe kuliko ulivyo. Zima pia ule urembeshaji wa picha. Inua mdomo kwa kidole safi hadi ufizi wote uonekane. Lakini hata picha ikitoka nzuri, nenda kwa daktari wa meno wiki hii akupige eksirei. Usikitumbue, na usinunue antibayotiki dukani. Zitatuliza kwa muda tu, kwa sababu chanzo kimo ndani ya jino. Huenda akasafisha mzizi na kuuziba, na jino likabaki.

Lakini ukiona shavu au chini ya taya panavimba, una homa, mdomo haufunguki vizuri, au kumeza kunakuwa kugumu, usingoje miadi wala usinitumie picha. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, kisha unipigie ukiwa huko.

Mama yako