Alama za vidole zibaki kwenye kadi ya mwananchi

Mhariri,

Naandika kuhusu Maisha Namba, namba ya utambulisho ya Mkenya ya maisha yote, na hifadhidata kuu inayokusanya pamoja majina, picha na alama za vidole za Wakenya. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma, vitambulisho vya mpango uliotangulia Maisha Namba, kwa kuwa serikali haikuwa imefanya kwanza tathmini ya athari inayotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hoja hiyo haijachakaa.

Nywila ikiibwa hubadilishwa siku hiyo hiyo, lakini kidole hakibadilishwi. Data ikivuja mara moja tu, mwenyewe huandamwa maisha yake yote. Wala si lazima aingie mdukuzi. Kaskazini Mashariki, Wakenya waliosajiliwa utotoni kama wakimbizi ili wapate chakula cha msaada walinyimwa vitambulisho ukubwani, eti kwa sababu alama zao zilikutwa kwenye orodha ya wakimbizi.

Napendekeza ulinganishaji wa alama za vidole wa kila siku, benki au hospitalini, ufanyike ndani ya chipu ya kadi anayoibeba mwananchi, na hifadhidata kuu itumike tu mtu anaposajiliwa, alama zikiwa zimetengwa na majina, huku kila afisa anayefungua rekodi akiacha kumbukumbu ambayo mwenye rekodi anaweza kuiomba.

Msomaji,
Mombasa