Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Zamu za Maji na Vijiti vya Mzee

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na ukarabati wa mfereji mmeuona wenyewe. Mimi nitakaa zaidi kwenye ugomvi wa zamu za maji wa kiangazi kilichopita.

Ndiva yetu, bwawa la kumwagilia kama mengine ya huku Upare, hujaa usiku na kufunguliwa asubuhi. Maji yalipopungua, ikawa inatosha shamba moja tu kwa siku. Familia tano za mwisho wa mfereji zote zikadai siku ya kwanza, na watu walikuwa wameanza kushikana mashati tulipomwita mzee.

Mzee hakukimbilia kura ya vijiti. Aliuliza kwanza nani alishiriki kusafisha mfereji. Mmoja hakushiriki, akaambiwa amalize kipande chake ndipo aingie kwenye kura, naye akakimaliza siku hiyo hiyo. Wawili wakataka na mpaka wao uamuliwe kwa vijiti. Mzee akakataa katakata: mpaka una masale na mashahidi, na kura ni ya kupanga zamu kati ya wenye haki sawa.

Kijana wa familia isiyohusika akakata vijiti vitano kutoka ufito mmoja, unene sawa, akavimenya ganda kisibaki chenye alama. Kila kimoja kilizidi kingine kwa upana wa vidole viwili. Mzee akavishika ngumini, vichwa vikiwa sawa, ncha za chini zikiwa zimefichwa ndani ya mkono wa koti. Kirefu kabisa kingepata siku ya kwanza, kifupi siku ya tano.

Hapo ukazuka ubishi mpya: nani avute kwanza? Kwa kweli hakuna faida. Wa kwanza ana nafasi moja kati ya tano ya kupata kirefu, na wa mwisho anayo hiyo hiyo, kwa sababu kijiti atakachoachiwa kinaweza kuwa chochote kati ya vile vitano. Lakini mtu mwenye hasira haelewi hesabu, kwa hiyo mzee aliwaambia kila mmoja ashike kichwa cha kijiti chake, kisha akafungua kiganja mara moja mbele ya wote. Hakuna aliyelalamika.

Tatizo moja lilibaki. Kifupi kilimwangukia mama ambaye mahindi yake yalikuwa yanatoa mbelewele, wakati ambao zao hilo haliwezi kuvumilia ukame. Aliyepata kirefu alikuwa na maharage machanga, wakakubaliana kubadilishana, na mzee akaridhia. Tusitegemee huruma hiyo kila mwaka.

Kamati inapendekeza mashamba yenye mahindi ya mbelewele yavute vijiti kwanza kama kundi moja, mengine yafuate, na mzunguko wa pili uanze na waliokuwa mwisho. Naomba mjadili na kupiga kura leo.