Posti ya pamoja: nani aipandishe, sisi au wewe?

Kila tukimaliza kupiga picha za bidhaa, mteja hutuuliza kama tutaziposti kwa kolabo ya Instagram. Tunafanya, na hatutozi kitu. Ila kwa kawaida tutakuomba uipandishe wewe, halafu utualike sisi. Wengine hudhani tunakwepa kazi.

Chukua mfano wa mwoka keki wa Sinza na studio yetu. Tukiposti kila mmoja kivyake, picha ileile inakuwa posti mbili: kwake laiki 90, kwetu 150, na mtu aliyeuliza bei kwetu mwoka hamuoni kabisa. Kwa kolabo, posti ni moja tu. Majina yote mawili yanakaa juu yake, inawafikia wafuasi wa pande zote, na laiki na komenti zinazoonekana kwake ndizo hizohizo zinazoonekana kwetu. Kwa hiyo ukiona 240 kwako na 240 kwetu, usijumlishe ukapata 480. Ni watu walewale.

Sasa, ingawa posti inakaa kwenye kurasa mbili, mwenyewe ni mmoja: akaunti iliyoipandisha. Yeye akiifuta, inapotea kote pamoja na komenti zake zote. Aliyealikwa akijitoa, inaondoka kwake tu, kwa mwenyewe inabaki na laiki zake. Hapo ndipo wateja huumia. Studio nyingi, na sisi tumo, husafisha ukurasa mara kwa mara ili ubaki na kazi mpya. Kama keki yako tuliipandisha sisi, siku tukiifuta unapoteza posti iliyokuwa inakuletea oda, na ukiiposti upya unaanza na sifuri. Wewe ndiye unayeuza keki, basi iwe mikononi mwako.

Unapoandaa posti, gusa Tag people, kisha Invite collaborators, andika jina la akaunti yetu na uendelee kama kawaida. Ukitutagi tu bila kuchagua hiyo ya pili, jina letu litatokea juu ya picha lakini posti haitakaa kwenye ukurasa wetu. Hata ukialika vizuri, itakaa kwenye ukurasa wako tu hadi tukubali ule mwaliko. Ikipita nusu siku hujaona majina mawili juu ya posti, tutumie ujumbe WhatsApp. Mialiko huzama kwenye arifa nyingine.

Jambo ambalo watu husahau kukubaliana ni nani anajibu. “Bei gani?” ikiandikwa, inasomeka kote, na studio ikijibu kwa kubahatisha bei ya keki, mteja wa kesho atakuonyesha jibu hilohilo. Maswali ya keki tunakuachia. Sisi tutajibu ya picha tu, na anayetaka kuoda tutamwelekeza kwa namba yako uliyoiandika kwenye maelezo ya posti, kwa hiyo tafadhali iandike kabla hujaipandisha.